Aya ya Mwaka

Gauni lilikuwa limebaki pindo na mikono. Kitambaa cha rangi ya maziwa, kizuri, nilikichagua mwenyewe sokoni Mouski baada ya kugombana na wauzaji watatu. Na sasa Haja Tafida amekaa kwenye kiti changu cha wateja, miguu haifiki chini, ananiambia nilikunje nilihifadhi.

"Mpaka lini, Haja?"

"Mpaka Muharram ijayo. Mwaka haujatimia."

"Mwaka gani tena? Eda ni miezi minne na siku kumi! Hata mbuzi wa mtaa huu wanajua."

"Mbuzi hawakuhifadhi Kurani," alisema. "Mimi nimehifadhi."

Hapo akanifunga mdomo, maana ni kweli. Haja Tafida ndiye aliyewafundisha Kurani wasichana wote wa kichochoro chetu cha Darb al-Ahmar, mimi nikiwemo. Mimi alinifukuza mara mbili kwa kusinzia, akanirudisha mara mbili kwa sababu mama yangu alipeleka mchuzi wa mulukhiya. Mtu wa namna hiyo akikuambia Mungu amesema hivi, unapiga kelele kidogo halafu unameza.

Mwenye gauni alikuwa Inayat, mke wa marehemu Fikri, na Fikri alikuwa mtoto pekee wa Haja. Inayat hana baba wala mama. Alikuja kwa Haja akiwa na miaka tisa kujifunza kusoma, na hakuondoka tena. Haja akamlea, akamfundisha Kitabu kizima, kisha akamwoza mwanawe. Miaka kumi na mbili waliishi pamoja, mtoto hawakujaliwa, na tarehe tatu Muharram moyo wa Fikri ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu. Maskini Fikri. Alikuwa mtu mpole mpaka ukitaka kumtukana huna pa kuanzia.

Eda ya Inayat ikaisha tarehe kumi na tatu Jumada al-Ula. Kesho yake asubuhi, chai haijapoa, shangazi wa mwalimu Lutfi akabisha hodi kumposea mpwa wake. Nataka ieleweke kwamba mwalimu Lutfi ni mtu mwenye adabu. Muda wote wa eda hakuposa, maana kuposa waziwazi hakuruhusiwi. Aliwahi tu kusema mbele ya watu, tena mara moja, kwamba mwanamke kama Inayat hatakosa mtu wa kumthamini. Dokezo hilo linaruhusiwa. Mtaa mzima ulilielewa, mpaka muuza maharage ya ful.

Sasa shida ni hii: Lutfi alikuwa amepangiwa kwenda kufundisha Algeria, miaka minne. Meli inaondoka Alexandria tarehe ishirini na tano Septemba, na jina la mke lazima liwe kwenye karatasi kabla ya hapo. Tulikuwa na wiki mbili. Inayat alimtaka. Aliniambia hivyo hivyo, huku nikimpima kiuno: "Dada Wagiha, namtaka, na naona haya kwamba namtaka." Nikamwambia haya aiache nje ya mlango wangu, hapa tunapima nguo.

Mwandishi wa ndoa angewaandika siku hiyo hiyo. Angeuliza tarehe ya kifo, angehesabu kwa vidole, angetia muhuri. Lakini Inayat hakuwa na kesi na mwandishi wa ndoa. "Huyu ndiye aliyenifundisha Kitabu chenyewe," aliniambia, macho yamevimba. "Akisema mwaka, nitaolewaje huku moyoni naogopa kwamba bado nina eda? Si itakuwa zinaa tupu?" Na Haja alikuwa amesema mwaka.

Nikamrudia Haja, nikakaa chini kabisa kama siku zile za chuoni. "Nionyeshe basi."

Akanisomea kwa moyo, sauti ile ile nzuri ambayo uzee haujaigusa. Sura ya Ng'ombe, aya ya mia mbili thelathini na nne: wanaofariki wakaacha wake, wake hao wangoje miezi minne na siku kumi. Akaendelea kusoma, aya baada ya aya, mpaka ya mia mbili arobaini: wanaofariki wakaacha wake, wawausie wake zao matunzo ya mwaka mzima bila kutolewa nyumbani.

"Umesikia? Miezi minne kwanza, halafu mwaka. Na kanuni ni ipi? Hukumu iliyokuja baadaye ndiyo inayoondoa ya mwanzo. Naskhi hiyo, Wagiha. Uliwahi kuisikia, au ulikuwa umesinzia?"

Kanuni niliijua, na ni ya kweli. Na kwenye ukurasa, mia mbili arobaini iko baada ya mia mbili thelathini na nne. Hata mimi najua kuhesabu. Lakini kitu kilikuwa kimekaa upande, kama mkono wa gauni ulioshonwa kinyume: unauona hauko sawa kabla hujajua kosa liko wapi.

"Na Sheikh Maqsud akisema vingine?"

"Mlete," alisema Haja. "Mimi simwogopi mtu. Akiwa na hoja nitamsikiliza."

Sheikh Maqsud anafundisha misingi ya sheria kwenye msikiti mdogo nyuma ya soko la mahema, baada ya alasiri. Ni mzee mnene, anapenda kula, na joho lake nimelipanua mara tatu kwa hiyo ananijua vizuri. Nikamweleza kisa chote njiani huku tunatembea. Alisikiliza, akasimama ghafla katikati ya watu.

"Amesema inayokuja baadaye inaondoa ya kabla?"

"Ndiyo."

"Amesema vizuri sana," akasema, akaendelea kutembea. Nikataka kumpiga na mkoba.

Haja alituandalia chai ya mnanaa na sahani ya kahk, biskuti za Idi, ingawa sikukuu ilikuwa mbali. Inayat alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani, hakugusa kitu. Sheikh alikula kahk mbili kwanza. Tatu. Ndipo akafuta vidole.

"Haja, ulipoanza kuhifadhi utotoni, ulianza na sura gani?"

"Alhamdu. Kisha Nas, Falaq, Ikhlas, tukipanda juu. Kama kila mtu."

"Yaani ukiacha Alhamdu, ulianzia mwisho wa msahafu. Na aya ya kwanza kabisa kumshukia Mtume, ni ipi?"

"Iqra."

"Iko wapi?"

"Sura ya tisini na sita," alisema Haja, na nikaona amefinya jicho moja kidogo. Hakuwa mjinga hata siku moja. Alikwishaona anakopelekwa.

"Basi hapo tupo pamoja," alisema Sheikh. "Mpangilio wa msahafu si mpangilio wa kushuka. Aya iliwekwa mahali pake kwa maelekezo ya Mtume, lakini ilishuka siku yake, na siku hiyo huijui kwa kuhesabu kurasa. Kanuni yako ni sahihi, Haja. Ya baadaye inaondoa ya kabla. Lakini baadaye kwa kushuka, si kwa kusomwa."

"Na wewe umejuaje ipi ilishuka baadaye? Ulikuwepo?"

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Sheikh naye akacheka, tumbo likatingishika.

"Sikuwepo. Ndiyo maana hatusemi hivihivi tu. Mtu hawezi kuamka akaona aya mbili hazimpendezi akasema hii imefutwa. Lazima kwanza ziwe zinagongana kweli, haziwezekani kufuatwa zote mbili. Zikiweza kupatana, tunazipatanisha na yameisha. Lazima iwe ni hukumu, fanya au usifanye, si habari. Habari ya Mungu haibadiliki. Na lazima tupate taarifa kutoka kwa waliokuwepo, ipi ilitangulia. Na alipofariki Mtume mlango ukafungwa. Hakuna baada yake awezaye kufuta hata nusu ya aya. Si mimi, si wewe, si mfalme."

"Taarifa," alisema Haja. "Nipe hiyo taarifa."

"Zama za ujahili mjane alifanywa nini?"

Haja alikunja uso. "Alifungiwa kibandani mwaka mzima, nguo mbovu, haogi. Mwaka ukiisha anatoka anarusha kinyesi cha mnyama, ndiyo kumaliza."

"Ebo!" nilisema mimi. Sikuwa nalijua hilo.

"Sasa," alisema Sheikh, "mwanamke mmoja alimwendea Mtume kwa ajili ya binti yake mjane, macho yanamuuma, anataka ampake wanja. Mtume akamkataza, akamwambia: ni miezi minne na siku kumi tu, na zamani mmoja wenu alikuwa akirusha kinyesi mwisho wa mwaka. Sikiliza hapo. Anawaambia muda umepunguzwa. Mwaka ndio uliotangulia. Na masahaba wakapokea hivyo: aya ya mwaka ilishuka kwanza, ikamhakikishia mjane nyumba na chakula kwa wosia wa mumewe. Kisha ikaja ya miezi minne na siku kumi ikapunguza kungoja. Na zilipokuja aya za urithi, mjane akapewa fungu lake: robo kama mume hakuacha mtoto, thumuni kama ameacha. Aliyepewa fungu haachiwi tena wosia. Kwa hiyo sehemu ya pili nayo ikaondoka."

Inayat aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mbona basi bado tunaisoma, Sheikh? Kama hukumu yake imeondoka?"

"Swali hilo hilo aliulizwa khalifa wa tatu, mwanangu, wakati misahafu inaandikwa. Kijana mmoja alimwambia, aya hii imefutwa na nyingine, unaiandika ya nini? Akamjibu: mwana wa ndugu yangu, sitoi kitu mahali pake. Kinachoondoka ni hukumu. Maneno yanabaki maneno ya Mungu, unayasali, unapata thawabu kwa kila herufi. Na ukiyasoma unakumbuka ulipunguziwa mzigo gani."

Pale nilidhani tumeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kushona pindo kichwani. Lakini Haja hakuwa amemaliza.

"Nimesikia," alisema, "wapo wa zamani waliosema aya ya mwaka haikufutwa kamwe."

"Wapo," alisema Sheikh mara moja, na mimi nikamkodolea macho; mtu gani anampa adui panga? "Tena wakubwa. Wao walisema aya hizi hazigongani, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Miezi minne na siku kumi ni wajibu wa mjane. Miezi saba na siku ishirini inayobaki ni haki yake: akitaka kukaa nyumba ya mumewe akae, hatolewi. Malizia aya, Haja. Inasemaje mwisho?"

Haja alisoma, polepole sana. Wakitoka wenyewe, si kosa juu yenu kwa watakayojifanyia ya wema.

"Wakitoka wenyewe," alisema Sheikh. "Sasa angalia. Anayesema imefutwa, eda kwake ni miezi minne na siku kumi. Anayesema haikufutwa, eda kwake ni miezi minne na siku kumi. Wamebishana juu ya nyumba. Juu ya kungoja hawakubishana. Hakuna anayemfunga mjane mwaka."

Chini mtaani muuza barafu alikuwa anapiga kelele. Haja alizungusha pete yake kidoleni, mara moja, mara mbili.

"Hata mjane mwenye mtoto mchanga mikononi?"

"Akishajifungua kabla mume hajafa, ni hiyo hiyo. Mwenye mimba ndiye eda yake huisha akijifungua."

"Hata wa miaka ishirini na miwili?"

"Umri hauhusiki, Haja."

"Sawa," alisema. Akasimama, akabeba sahani ya kahk ambayo bado ilikuwa na kahk nne, akaingia jikoni.

Sheikh aliiangalia sahani ikienda, akanong'ona kwamba labda aende. Inayat alianza kulia bila sauti. "Nimemuudhi," alisema. Na mimi, mnanijua, damu ikanipanda. Nikasema moyoni, kumbe hata hoja hataki, anataka tu huyu mtoto azeeke naye akimpikia dengu! Nikamfuata jikoni nikiwa nimejiandaa kusema maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko lisilo na moto, ameshika sahani.

"Aliitwa Hilmi," alisema, bila kugeuka. "Alikuwa fundi saa."

Nikaegemea mlango, nikamsikiliza.

"Babake Fikri alipokufa Fikri alikuwa na miezi sita. Hilmi akaja mwezi wa tano baada ya kifo, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Nilimtaka, Wagiha. Wee, nilimtaka! Nikamwambia mwaka haujatimia. Akasema Haja, ingawa sikuwa Haja wakati ule, akasema Tafida, mbona watu wanasema miezi minne? Nikamsomea aya zote mbili. Kwa fahari kabisa. Mimi ndiye niliyehifadhi, yeye ana saa tu. Alikuwa amepata kazi Khartoum. Akangoja mpaka mwezi wa nane, halafu wakamwambia aje au wampe mwingine."

"Hukumuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa."

Nilitaka kumkumbatia lakini ameshika sahani. Basi nikaichukua sahani kwanza. Alikuwa mwepesi mno, Haja Tafida. Nimempima nguo miaka ishirini, lakini sikuwa nimewahi kumshika. Alilia kama mtu anayekasirika. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa kuogopa tu.

"Na alikuwa na pua!" alisema, akijifuta kwa kitambaa cha meza. "Pua, Wagiha. Watoto wangekuwa na pua hiyo."

"Basi Mungu alikuokoa na pua."

"Nyamaza, mjinga. Ningeipenda."

Alinawa uso. Akarudi chumbani, mimi nyuma yake na kahk zangu. Sheikh alikuwa bado yupo, ameshikilia fimbo, hajui asimame au akae. Haja akanipokonya sahani, akamrudishia.

"Kula. Umeifanyia kazi," akamwambia. Kisha akamgeukia Inayat. "Nilikosea. Nilihesabu kurasa. Eda yako imekwisha tangu tarehe kumi na tatu, na anayekuambia vingine mwambie aje kwangu."

"Mama, kama hutaki niende..."

"Sitaki uende," alisema Haja. "Hilo ni langu, si la Mungu. Nilivichanganya. Usivichanganye wewe."

Wakaandikwa Alhamisi. Mimi sikulala siku mbili kwa ajili ya mikono ya gauni lile, nayo ilikaa vizuri, asiyekubali akashone la kwake. Mwalimu Lutfi alijikwaa kwenye ngazi kwa furaha akapoteza kifungo, nikamshonea amesimama. Wakati wa kuondoka Haja alimvuta Inayat pembeni, lakini siyo pembeni sana, mimi nikiwa na masikio yangu. Akamwekea ufunguo mkononi.

"Chumba chako na Fikri. Sikigusi, simpangishi mtu, mpaka tarehe tatu Muharram. Huko ugenini kukikushinda, usiombe radhi, rudi tu. Mwaka wako haujaisha."

"Lakini si Sheikh alisema imefutwa?"

"Wengi wamesema imefutwa. Hainizuii mimi kukupa," alisema Haja. Akamfunga vidole juu ya ufunguo. "Na umetoka mwenyewe. Si kosa."

Inayat alilia mpaka nikaogopa kwa ajili ya kitambaa.

Jumamosi nilipita kwa Haja kumpelekea mto niliomshonea kwa mabaki ya gauni. Wasichana saba walikuwa chini wamekunja miguu, wanasoma Sura ya Ng'ombe. Mmoja mwenye meno ya mbele yaliyong'oka akafika mia mbili arobaini, akataka kupita mbio.

"Simama," alisema Haja. "Hii ilishuka kabla ya ile ya miezi minne uliyosoma hapo juu. Iko nyuma, lakini ilitangulia. Sema."

"Iko nyuma, lakini ilitangulia," walisema wote saba.

"Na ukitaka kujua hukumu yake, kuhifadhi hakutoshi. Unamuuliza aliyesoma."

Yule wa mapengo akainua mkono. "Haja, kwani kuna mtu aliwahi kuzikosea?"

Nilisimama mlangoni na mto wangu, sikujua niangalie wapi. Haja hakusita hata kidogo.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Soma tena."

Akasoma tena.